Vidonge Kumi na Viwili na Kufuli Moja

Kidari cha mbuzi hakiliwi na kila mtu katika ukoo wa kina Aminieli. Mbuzi akichinjwa nyuma ya nyumba, kabla hata damu haijakorogwa kwa ajili ya kisusio, ile supu ya damu, kidari kinakatwa na kuwekwa kando. Kinabanikwa peke yake, kinafunikwa jani la mgomba, kinasubiri mkubwa wa ukoo afike. Watoto wanalijua hilo kabla hawajajua kusoma. Kwa hiyo Jumamosi ile, Aminieli alipofunua jani mbele ya Mzee Ebenezeri na wanaume tisa wa ukoo, akakuta mifupa mitupu iliyogugunwa mpaka ikang'aa, hakuuliza ni nani. Alizunguka nyuma ya banda la ng'ombe.

Isack, mdogo wake, alikuwa amechuchumaa pale na mafuta yanamtiririka kidevuni. Bado alikuwa anatafuna.

"Umekula kidari cha baba mkubwa?"

"Njaa, kaka. Nilitaka kuonja tu, mkono ukakataa kuacha."

"Njaa! Asubuhi umemaliza sufuria ya ndizi. Saa nne umekula mtori wa ndizi na nyama aliopika shemeji yako. Unakula kama mashine ya kukoboa, halafu unaniambia njaa?"

Aminieli alimshika shati, akamburuta mpaka uani walipokuwa wanaume. Yeye ni mchinjaji, ana bucha pale sokoni Mwika, na mikono yake imezoea kuangusha ng'ombe dume. Isack alikuwa mpagazi wa mlimani, mtu wa kubeba kilo ishirini mpaka Kibo huku anapiga mluzi, lakini siku ile alikuwa na uso wa mviringo kama sahani na miguu iliyojaa maji. Alianguka kwa kusukumwa mara moja.

Mzee Ebenezeri hakupaza sauti. Alimpa Aminieli fimbo yake ya mti wa mkahawa, ngumu, iliyokaushwa juu ya meko miaka mingapi sijui.

"Mfundishe," alisema. "Baba yenu angekuwa hai angemfundisha."

Aminieli akamfundisha. Alimpiga mgongoni, akampiga mapajani, na Isack alipojikunja kulinda kichwa akampiga mikononi. Hakuna aliyeingilia. Wengine walishika vibuyu vyao vya pombe ya mbege na kutazama pembeni. Fimbo ilipomchosha mkono, mzee akaipokea akamalizia mwenyewe, mapigo mawili ya ubavuni upande wa kushoto, na pigo la pili lilitoa sauti ambayo mchinjaji anaijua. Ni sauti ya mbavu.

"Sasa tunywe kisusio," alisema Mzee Ebenezeri. "Kimeanza kupoa."

Sasa, kuhusu njaa ya Isack.

Miezi miwili kabla ya siku hiyo alivimba akiwa Arusha na kikundi cha watalii. Asubuhi macho hayafunguki, jioni viatu haviingii. Hospitali ya kule walipima mkojo wakasema figo zinavujisha protini, na wakamwandikia vidonge vya prednisoloni, kumi na viwili kwa siku, miezi kadhaa, vipunguzwe taratibu kila anaporudi kliniki. Alirudi nyumbani Mwika kwa kaka yake, kwenye kihamba, shamba la urithi la baba yao, kwa sababu hana mke na hakuna anayemlipa mpagazi aliyelala kitandani.

Aliyekwenda Moshi mjini kuchukua vidonge ni Aminieli. Aliingia duka la dawa la Bhavesh, pale Majengo, akiwa ameacha robo tatu ya ng'ombe kwenye pikapu juani. Bhavesh alihesabu vidonge akaanza kueleza. Bhavesh ni mtu wa kueleza.

"Kaka, hizi asubuhi, zote kumi na mbili. Lakini kwanza ale, ashibe. Na nakwambia mapema, atakula sana, sana sana, msimshangae..."

"Asubuhi kumi na mbili," alisema Aminieli, ameshashika mfuko.

"Ngoja basi! Dawa za maumivu asitumie bila kuniuliza. Na asiache ghafla hata siku moja..."

"Nyama yangu inaoza, Bhavesh."

"Aah, wewe na nyama yako! Nikuandikie?"

Aminieli alikuwa ameshafika mlangoni. Alipofika nyumbani alimwambia mdogo wake neno moja tu. Asubuhi, kumi na viwili. Mengine yalibaki Majengo.

Baada ya kisa cha kidari alinunua kufuli. Si lile dogo la sanduku, ni lile la chuma la milango ya stoo. Akalifunga kwenye mlango wa jiko na ufunguo akautia mfukoni, akaenda nao buchani kila asubuhi.

"Baba Elisifa, shemeji ni mgonjwa," alisema Yuditha, mke wake. "Mgonjwa anafungiwaje chakula?"

"Mgonjwa hana hamu ya kula. Wewe umeshaona mgonjwa anayekula kuliko wazima watatu? Yule ni mlafi aliyepata kisingizio. Atakula jioni, sahani moja, mbele yangu."

"Na dawa zake za asubuhi?"

"Dawa zinamezwa kwa maji. Maji sijayafungia."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi Isack aliketi kwenye kigogo nje ya jiko lililofungwa, akameza vidonge kumi na viwili kwa kikombe cha maji ya bomba, tumbo tupu tangu jana yake. Na kwa sababu ubavu ulikuwa unamuuma hata kukohoa hawezi, Aminieli, ambaye si mtu mbaya kwa jinsi anavyojijua, alimnunulia diklofenaki kwenye duka la pale sokoni. Muuzaji hakuuliza kitu, naye hakusema kitu. Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Isack alivichanganya kiganjani na vile kumi na viwili akavirusha mdomoni kwa pamoja.

Siku ya nne alianza kushika tumbo hapa juu, chini ya kidari chake mwenyewe.

"Kaka, kunawaka. Kama nimemeza kaa la moto."

"Ni ule mlo wa zamani unakulipa."

"Kunawaka na bado nina njaa. Vyote viwili. Usiku silali, nawaza ugali tu. Nawaza mpaka maganda ya ndizi anayopewa ng'ombe."

"Basi nenda ukale na ng'ombe."

Aliyatamka kama utani. Lakini Yuditha alimwona shemeji yake siku ya sita, saa tano asubuhi, bandani, anang'oa ndizi mbichi kwenye mkungu wa ng'ombe na kuzila na maganda yake, utomvu mweusi midomoni, analia huku anatafuna. Yuditha alimpa viazi viwili alivyokuwa amevificha kwenye khanga. Hakumwambia mumewe. Alikuwa anaogopa, na alikuwa na sababu.

Siku ya kumi Isack alivunja mlango wa jiko kwa shoka.

Aminieli alikuwa anarudi kuchukua kisu alichokisahau. Alisikia shoka tangu kwenye mfereji, akakimbia. Mlango ulikuwa umepasuka katikati, kufuli likining'inia kwenye kipande cha mbao, na Isack yuko ndani amepiga magoti, amezamisha mikono yote miwili kwenye sufuria ya maharage, anabugia.

"Toka!"

Isack aligeuka. Macho yake hayakuwa ya mtu anayemjua kaka yake. Dawa ile huwapa wengine hasira isiyo na mlango, lakini hilo Aminieli hakulijua. Isack aliokota shoka.

"Sogea nikukate," alisema kwa sauti ya chini. "Kaka, nakuapia kwa Mungu, ukinigusa nakukata."

Aminieli hajawahi kumkimbia mnyama, akadhani hata mtu ni vile vile. Aliingia. Shoka lilishuka, likapita karibu na sikio, likamchana bega na kuzama kwenye nguzo ya mlango. Kabla Isack hajalichomoa, Aminieli alikuwa ameshamkamata koo. Walianguka juu ya meko. Sufuria ikapinduka, maharage yakamwagika kwenye majivu, kaa likamuunguza Isack mkono, naye akamng'ata kaka yake kidole mpaka jino likafika kwenye mfupa. Aminieli alimpiga kichwa. Alimpiga tena. Alimpiga goti tumboni. Hapo Isack alitoa mlio kama wa ndama, akalegea.

Yuditha alikuwa mlangoni anapiga yowe.

"Unamuua! Baba Elisifa, unamuua mtoto wa mama yako!"

Aminieli alisimama, damu ya bega inachuruzika mpaka kiwikoni. Akaona mfuko wa vidonge kwenye kile kigogo nje ya mlango, na daftari la kliniki ya Arusha chini yake.

"Hizi," alisema. "Tangu zimeingia nyumba hii sijapata amani. Hizi ndizo zinazomla akili."

Na hapo, ajabu, alikuwa karibu na ukweli kuliko siku zote. Kisha akafanya jambo la kijinga kuliko yote. Alitupa mfuko na daftari kwenye moto, vikaungua vyote. Plastiki ilinuka uani mpaka jioni.

Siku ya kwanza bila vidonge Isack alilala tu. Siku ya pili alishindwa kusimama, akatapika maji, akasema dunia inazunguka. Aminieli akasema sumu inamtoka. Siku ya tatu, mchana kweupe, Isack alitambaa mpaka mlangoni akatapika tena, na safari hii haikuwa maji. Ilikuwa nyeusi, yenye chembechembe, kama mtu aliyekunywa mashapo ya kahawa na kuyarudisha. Kisha ikafuata damu nyekundu, mbichi, bakuli zima.

Aminieli ameona damu kila siku ya maisha yake. Hiyo ilimfanya akimbilie pikapu.

Walimpakia nyuma ya pikapu juu ya turubai la kufunikia nyama, kwa sababu hakukuwa na lingine. Mzee Ebenezeri alifika wakati wanafunga bodi. Alipanda mbele bila kukaribishwa, fimbo katikati ya magoti. Walipofika lami ndipo alipofungua mdomo.

"Ameanguka kwenye mparachichi," alisema.

"Baba mkubwa?"

"Alikuwa anachuma maparachichi, akaanguka. Mambo ya kihamba hayashuki mjini. Ukisema amepigwa watataka fomu ya polisi, na polisi watauliza nani na nani. Mimi nina miaka sabini na minane na ni mzee wa kanisa. Siendi kulala mahabusu kwa ajili ya mlafi."

Aminieli aliendesha. Kwenye kioo aliona kichwa cha Isack kikigonga bodi kila penye tuta, Yuditha akijaribu kukishika. Hakujibu. Kutojibu baba mkubwa ni kukubali.

Hospitali ya Moshi waliyomfikisha ilimpokea haraka. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mfupi aliyeitwa Gladys, mwenye miwani na sauti ya mtu asiyerudia swali. Isack hakuweza kujibu, macho yalikuwa yanapinduka. Presha ilikuwa chini mpaka nesi aliipima mara tatu. Walimpiga picha ya kifua na ultrasaundi ya tumbo.

"Nani aliyekuja naye?"

"Mimi, kaka yake," alisema Aminieli.

"Amefanyaje?"

Fimbo ya Mzee Ebenezeri ilimgusa kifundo cha mguu. Iligusa tu.

"Ameanguka. Kwenye mparachichi."

"Lini?"

"Siku... juzi."

"Ana ugonjwa wowote? Anatumia dawa yoyote?"

Yuditha alifungua mdomo. Mzee akamtazama, akaufunga.

"Hapana," alisema Aminieli.

"Sawa. Mbavu mbili zimevunjika kushoto, na tumboni kuna maji mengi. Aliyeanguka mtini, ana mbavu zilizovunjika upande ule, presha imeshuka, yale maji nayahesabu kuwa ni damu, na damu aliyotapika nayo ni ya kuanguka. Wengu umepasuka. Anaingia chumba cha upasuaji sasa hivi. Saini hapa."

Akaondoka. Karatasi ikabaki mkononi mwa Aminieli, na kalamu.

Maji tumboni. Aliyajua maji yale. Yalikuwepo tangu Arusha, kabla ya fimbo na kabla ya kidari. Tumbo la Isack lilijaa maji kwa ajili ya figo, na vidonge ndivyo vilivyokuwa vinayapunguza. Sasa wanakwenda kumpasua wakitafuta damu katika maji ya figo. Na sauti ya Bhavesh ikamrudia, yote kwa mara moja, kama vile alikuwa ameiweka mahali: kwanza ale, ashibe. Dawa za maumivu asitumie. Asiache ghafla hata siku moja.

"Saini," alisema Mzee Ebenezeri.

"Baba mkubwa, wanakosea. Si wengu."

"Wewe daktari? Saini, nyamaza."

"Nikinyamaza atakufa."

"Mtu hufa! Kaburi lipo kihambani. Jina la ukoo likiharibika nalo tutalizika wapi?"

Aminieli alianza kwenda kwenye mlango walimomwingiza Isack. Mzee alimwahi. Hakuna aliyedhani mzee yule bado ana nguvu vile. Alimpiga fimbo ya usoni, pale pale koridoni, mbele ya akina mama waliobeba watoto, ngozi ya nyusi ikafunguka. Akainua tena. Aminieli aliidaka fimbo hewani, akaivuta, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamsukuma mkubwa wa ukoo kifuani kwa kiganja. Mzee aliketi sakafuni kwa kishindo. Kofia ikabingirika.

"Umenigusa," alisema mzee, haamini. "Laana hiyo itakufuata."

"Inifuate." Aliivunja fimbo kwenye goti lake. Fimbo ya mkahawa haivunjiki upesi, alilazimika kujaribu mara mbili. Kisha akausukuma mlango.

Walinzi wawili walimkamata, akawaburuta mpaka ndani kama vile hawapo. Dokta Gladys alikuwa anavaa glovu.

"Nimekudanganya, daktari! Hakuanguka. Nimempiga mimi. Mimi na baba mkubwa, kwa fimbo, siku kumi na tatu zimepita. Na siku tatu zilizopita nimempiga goti tumboni. Ana ugonjwa wa figo. Maji yale ni ya figo, yapo tangu Arusha. Alikuwa anameza prednisoloni kumi na mbili kila siku, wiki tisa, kumi. Nimezichoma moto."

Dokta Gladys alisimama na glovu moja.

"Umezichoma lini?"

"Siku tatu."

"Na dawa nyingine?"

"Diklofenaki. Nilimnunulia mimi, ya mbavu. Vidonge vitatu kwa siku. Anameza asubuhi bila kula kwa sababu... kwa sababu nilifunga jiko kwa kufuli."

Dokta Gladys aliivua ile glovu. Kisha daktari akaanza kutoa amri haraka kuliko Aminieli alivyoweza kufuata. Haidrokotisoni mshipani, sasa. Damu, chupa mbili, na wapime kundi. Dawa ya kuzuia asidi. Mpasuaji asimame kwanza, sindano ipite tumboni. Sindano ilipita, na kilichopanda kwenye bomba kilikuwa maji ya rangi ya majani makavu, safi. Hapakuwa na tone la damu.

"Wengu mzima," alisema mpasuaji, akavua kofia.

"Tungemlaza kwa nusukaputi akiwa hana hata tone la ile dawa mwilini," alisema Dokta Gladys. Hakuwa anamwambia mtu. "Asingeamka."

Walimpitisha Isack mpira wenye kamera kooni. Walikuta vidonda viwili tumboni, kimoja kikichuruzika mpaka wakati ule, wakakiziba. Saa kumi jioni presha ilianza kupanda.

Polisi waliitwa, kama sheria inavyotaka. Wakati wanawasubiri, daktari alimkuta Aminieli kwenye benchi, pamba kwenye nyusi.

"Wewe ni mchinjaji?"

"Ndiyo."

"Basi utanielewa. Utumbo wa ng'ombe ukiuosha, ndani kuna nini?"

"Ute. Unateleza. Unakwangua na maji ya moto."

"Ute ule ndio unaozuia tumbo lisijisage lenyewe. Asidi ya tumbo inasaga nyama, na tumbo nalo ni nyama. Mwili una kemikali inayoagiza ute utengenezwe na damu ipite vizuri kwenye ukuta. Prednisoloni inaipunguza kemikali hiyo, na kidonda kikitokea inakizuia kupona. Peke yake, watu wengi wanaivumilia. Diklofenaki nayo inapunguza kemikali ile ile, tena kwa nguvu zaidi, na figo inaziumiza vile vile. Mmeondoa ute pande mbili, halafu mkaacha asidi ikae na tumbo tupu."

Aminieli aliangalia mikono yake.

"Na ile njaa?"

"Ile ni dawa pia. Vidonge vinaiga homoni ambayo mwili unatengeneza wenyewe, kwenye tezi zilizo juu ya figo. Kwenye ubongo kuna mahali panapopima njaa na shibe. Dawa ikiwa nyingi inaipaza sauti ya njaa na kuiziba shibe mdomo. Tumbo limejaa, ubongo bado unamwambia hujala. Mdogo wako hakuwa mlafi. Alikuwa na njaa kweli, kama wewe ungekaa siku mbili hujala."

"Na kuacha ghafla?"

"Mwili ukiletewa homoni kila siku kwa wiki nyingi, zile tezi zinalala. Ukiiondoa siku moja hakuna wa kuziamsha. Ndiyo maana alishindwa kusimama hata kabla hajatapika damu. Bahati yake ulifungua mdomo. Sikusifu. Nakwambia tu."

Polisi walipofika Aminieli aliwaomba dakika ishirini. Kundi lake la damu lilikuwa sawa na la Isack. Alilala kwenye kitanda, akatazama mfuko unavyojaa, mwekundu mzito. Amemwaga damu maisha yake yote, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuitoa kwa ajili ya mtu. Kisha akanyoosha mikono kwa pingu mwenyewe. Mzee Ebenezeri walimkuta kwenye geti, anatafuta gari la kupanda Mwika.

Aminieli alikaa mahabusu siku nne, akatoka kwa dhamana, kesi ikisubiri Isack apone aseme anataka nini. Asubuhi ya siku ya tano alikuwa wodini, ameshika vitu viwili. Mkono wa kulia jani la sale alilolikata mpakani mwa kihamba, lile ambalo Mchagga akikuletea kuomba msamaha huwezi kulikataa. Mkono wa kushoto chupa ya chakula.

Isack alikuwa amekaa, uso wa mviringo vile vile, midomo imepauka. Nesi alikuwa ameacha kikombe cha vidonge. Daktari wa figo alikuwa amevipunguza mpaka vinane, na kulikuwa na kingine cha kulinda tumbo, ambacho Isack alikuwa ameshakimeza.

Aminieli aliliinua jani.

"Mdogo wangu..."

"Jani liweke pale," alisema Isack. "Jani wanakula mbuzi. Chupa ina nini?"

"Mtori. Yuditha amepika. Na... kidari. Nimechinja jana nilipotoka, nikakukatia wewe."

Isack aliinusa chupa.

"Mkubwa wa ukoo atakula nini?"

"Atajua mwenyewe."

"Fungua."

Alikula. Alikula kama wapagazi wanavyokula wakishuka kutoka Kibo, bila kuinua kichwa, akipuliza na kumeza, mfupa ukipasuka menoni. Aminieli alisimama pembeni na kijiko cha pili asichokihitaji. Alipokwangua chini ya chupa, Isack alichukua vile vidonge vinane, akavimeza kimoja kimoja, maji kidogo kidogo.

"Kaka."

"Naam."

"Lile kufuli liko wapi?"

"Nimelitupa kwenye shimo la choo."

"Vizuri." Isack alijifuta mdomo kwa shuka la hospitali. "Polisi nitawaambia ulivyosema mbele ya daktari. Yote. Ulivyopiga na ulivyosema. Wao wapime. Na nikirudi nyumbani ukifunga lile jiko tena, safari hii shoka halitapita karibu na sikio."

"Nimesikia."

"Kesho lete mtori mwingine. Saa kumi na mbili, kabla ya dawa."

"Nitaleta."

"Usichelewe," alisema Isack, tayari akitazama sahani ya mgonjwa wa jirani.